Duka limeungua Majengo: kukokotoa mzigo ulioteketea na kuingiza madai ya bima vitabuni

Karani_wa_Majengo
Mbukwenyi wakuu. Naandika vitabu vya duka la jumla na rejareja la mashuka, mapazia na mazulia hapa Majengo, Dodoma. Usiku wa kuamkia 15 Septemba moto umeteketeza mzigo karibu wote, na daftari la stoku limeungua humo humo. Bima ya moto ipo, mzigo umekatiwa milioni 60. Mkadiriaji hasara wa kampuni ya bima anakuja wiki ijayo na anataka hesabu ya mzigo uliokuwepo.

Nilivyonavyo: stoku ya 31 Desemba kwenye hesabu zilizokaguliwa ni milioni 72 kwa bei ya kununulia. Manunuzi ya Januari mpaka 14 Septemba kutoka kwenye leja ni milioni 280 bila VAT (leja iko kwenye kompyuta ya nyumbani, imepona). Mauzo kwa ripoti za mashine ya EFD ni shilingi 361,080,000. Bosi huongeza asilimia 25 juu ya bei ya kununulia. Nipateje thamani ya mzigo ulioungua, na niingizeje vitabuni?

Mzalendo_Chamwino
Pole kwa tajiri wako, kaka. Njia ni moja tu: stoku ya mwanzo, ongeza manunuzi, toa gharama ya ulivyouza, kinachobaki ndicho kilichokuwa dukani.

Ripoti ya EFD ina VAT ndani, kwa hiyo gawa kwanza kwa 1.18. Unapata milioni 306. Usipofanya hivyo unakuwa umepanga manunuzi yasiyo na VAT dhidi ya mauzo yenye VAT, na mzigo unaonekana mdogo kuliko ulivyokuwa. Halafu toa faida ya asilimia 25: gharama ya mauzo ni milioni 229.5. Sasa 72 na 280 ni 352, toa 229.5, jibu milioni 122.5. Dai hiyo.

Mwalimu_wa_Leja
Mkuu Mzalendo, kwenye VAT uko sawasawa, tena ni jambo linaloangusha wengi. Lakini asilimia 25 umeiweka pasipo pake. Tajiri anaongeza asilimia 25 juu ya gharama. Akinunua zulia kwa 100,000 analiuza 125,000. Ile faida ya 25,000 ukiilinganisha na mauzo ya 125,000 ni asilimia 20. Mauzo ndiyo unayoyajua, basi asilimia unayoitumia lazima iwe ya mauzo. Gharama ya mauzo ya milioni 306 ni asilimia 80 yake, yaani milioni 244.8, na mzigo unakuwa milioni 107.2. Hapo peke yake umeshazidisha dai kwa zaidi ya milioni 15.

Na hili si kosa dogo la kalamu. Mkadiriaji anakokotoa upya kila kitu. Akikuta dai limevimba namna hiyo, anaanza kutilia shaka na yale yaliyo kweli. Mikataba mingi ya bima ina kifungu kinachofuta dai lote likionekana limetiwa chumvi kwa makusudi.

Hata hiyo 107.2 nisingeiamini bado. Karani, nijibu haya matatu kabla hatujaendelea. Je, kuna manunuzi yaliyo kwenye leja lakini mzigo wenyewe ulikuwa haujafika dukani usiku ule? Je, tajiri au familia wamechukua bidhaa bila kuzilipia? Na je, kuna kitu kiliuzwa kwa bei ya kutupa mwaka huu?

Bohari_Kizota
Na mimi niulize hapo hapo. Naendesha ghala Kizota, wakulima wanalaza alizeti zao kwangu wakisubiri bei ipande. Likiungua, nitumie hesabu hiyo hiyo?

Mwalimu_wa_Leja
Hapana, Bohari. Hizo gunia si stoku yako, hukuzinunua na haziko kwenye vitabu vyako. Hesabu ya faida haina la kukueleza. Ushahidi wako ni stakabadhi za mapokezi na za kutolea: gunia ngapi zimeingia, za nani, ngapi zimetoka. Na uangalie leo, kabla ya moto, kama mkataba wako wa bima umeandika mali za watu wengine ulizozipokea kwa dhamana. Ukiwa umeandika "stoku ya mwenye bima" peke yake, wakulima watakudai wewe na bima haitakulipa hata gunia moja.

Karani_wa_Majengo
Mwalimu, umenigusa penyewe. Yote matatu yapo.

Kuna mazulia ya milioni 12 yaliyonunuliwa Kariakoo. Risiti ya EFD ni ya tarehe 12 Septemba na nimeshaiingiza, lakini lori liliingia Dodoma tarehe 16. Bosi alichukua mapazia na mazulia ya milioni 2 kwa bei ya kununulia kwa ajili ya nyumba yake ya Nkuhungu, sikuandika popote. Na mwezi wa tano tuliuza masweta ya shule yaliyokaa muda mrefu kwa milioni 6 bila VAT, yalinunuliwa milioni 8.

Mwalimu_wa_Leja
Ahsante. Sasa tuipange upya, taratibu.

Mzigo uliopita mikononi mwenu: 72 na 280 ni 352. Toa 12 zilizokuwa njiani, kwa sababu kitu kisichokuwemo dukani hakiwezi kuungua dukani. Toa 2 za nyumbani kwa tajiri. Inabaki milioni 338.

Mauzo ni 306, lakini ndani yake mna 6 za masweta ambazo hazikuleta faida ya kawaida. Zitenge. Mauzo ya kawaida ni milioni 300, gharama yake asilimia 80, yaani milioni 240. Masweta yanaingia kwa gharama yake halisi ya milioni 8. Gharama ya vyote vilivyouzwa ni milioni 248.

338 toa 248, mzigo uliokuwepo dukani usiku wa moto ni milioni 90. Linganisha na ile 122.5 ya mwanzo.

Sasa kazi ngumu ni kuitetea ile asilimia 20, maana dai lote limeegemea hapo. Kwenye mauzo ya milioni 300, kila asilimia moja ni milioni 3. Mkadiriaji akikuthibitishia kwamba mwaka huu mlikuwa mnapata asilimia 18 tu, gharama inapanda hadi 246 na mzigo unashuka hadi milioni 84. Kauli ya tajiri kwamba "naongeza asilimia 25" haitoshi. Chukua hesabu za miaka mitatu iliyopita, kokotoa faida ghafi kwa mauzo kila mwaka. Halafu chagua bidhaa kama ishirini zinazotoka sana, weka risiti ya kununulia ya mwaka huu kando ya risiti ya kuuzia ya mwezi huo huo. Ikiwa bei za Kariakoo zilipanda nanyi hamkupandisha za kwenu kwa wateja, itaonekana hapo, na ni afadhali uione wewe kwanza.

Mzalendo_Chamwino
Nimeelewa kosa langu la asilimia. Ila kwa nini tusidai kwa bei ya kuuzia? Yule tajiri kapoteza mauzo, siyo manunuzi.

Asesa_Mstaafu
Kwa sababu bima ya moto ya mzigo inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya moto, haikupi faida ambayo hujaivuna bado. Bidhaa inathaminiwa kwa gharama ya kuinunua, pamoja na nauli ya kuifikisha dukani. Kama duka limesajiliwa VAT, ile VAT ya manunuzi mlishaidai TRA, hivyo haiingii kwenye dai. Asiyesajiliwa VAT yeye aliibeba kama gharama, basi anaidai. Faida inayopotea duka likiwa limefungwa ina bima yake nyingine, ya kukatizwa kwa biashara, na hukatwa peke yake.

Niongeze upande wa bima, ambao karani ameupita haraka. Mzigo wa milioni 90 umekatiwa milioni 60. Hapo kipengele cha uwiano kinaingia, yaani bima inalipa kwa sehemu ile ile ya mzigo uliyoikatia, na watu wengi hawakisomi mpaka siku ya kulipwa. Karani, kilichopona ni kiasi gani?

Karani_wa_Majengo
Chumba cha nyuma hakikuguswa, tumehesabu milioni 10 kwa bei ya kununulia. Kuna mazulia mengine yalilowa maji ya zimamoto, gharama yake milioni 5, mtu ameahidi milioni 2 bila VAT. Mkataba unasema mwenye bima anabeba asilimia 5 ya kila dai.

Asesa_Mstaafu
Basi hesabu yako ni hii.

Uliokuwepo 90, uliopona 10, ulioharibika milioni 80, ukiwa na yale mazulia yaliyolowa ndani yake. Toa milioni 2 za mabaki, hasara halisi ni milioni 78.

Uwiano: 60 gawa kwa 90 ni theluthi mbili. Theluthi mbili ya 78 ni milioni 52. Asilimia 5 mnayobeba wenyewe ni milioni 2.6. Malipo yanayotarajiwa ni milioni 49.4.

Angalia ile namba unayogawia. Ni thamani ya mzigo wote uliokuwepo wakati wa moto, 90, pamoja na ule uliopona. Nimeona watu wakiweka 80 na kupata 58.5, kisha wanalalamika kuwa wamepunjwa. Hawajapunjwa. Unaona pia kwa nini ile 122.5 isingemsaidia sana tajiri hata kama ingekubaliwa, ingeongeza kama milioni 2 tu: kadiri mzigo unavyoonekana mkubwa, ndivyo milioni 60 zinavyokuwa sehemu ndogo.

Dada_Mkaguzi
Kaka Karani, kabla ya vitabu, shika ushahidi. Taarifa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, taarifa ya polisi, picha za mabaki yakiwa bado mahali pake. Ripoti za EFD zisikutie hofu hata kama mashine imeungua, kwa sababu mashine ilikuwa inatuma mauzo TRA na yanaweza kupatikana kule. Kwa manunuzi, omba kila msambazaji akupe taarifa ya akaunti, kisha zilinganishe na leja moja moja.

Na hayo mazulia yaliyolowa, msiyauze bado. Kampuni ya bima ikishalipa ina haki ya kusema mabaki ni yake. Pata ruhusa yao ya maandishi, ikitaja bei, ndipo muuze.

Mwalimu_wa_Leja
Vitabu sasa. Karani hana stoku ya kompyuta inayopungua kila akiuza, anatumia akaunti ya manunuzi na kuhesabu mwisho wa mwaka. Kwa mfumo huo, siku ya moto unaandika (kwa milioni):

Debiti Hasara ya Moto 80
Krediti Manunuzi 80

Na kusahihisha ile ya nyumbani:

Debiti Matumizi Binafsi ya Mwenye Duka 2
Krediti Manunuzi 2

Ule mzigo wa Kariakoo wa milioni 12 unabaki kwenye manunuzi. Si hasara, ulikuwa njiani tu.

Nisisitize hiyo krediti ya 80, maana ndiyo inayosahaulika. Usipoitoa kwenye manunuzi, hesabu ya biashara inakuwa hivi: mzigo 338, uliobaki 10, gharama ya mauzo 328, mauzo 306. Faida ghafi inageuka hasara ya milioni 22. Afisa wa TRA akiona duka lililokuwa likipata asilimia 20 limeuza kwa hasara, swali lake la kwanza ni kama kuna mauzo yamefichwa. Ukiitoa, gharama ya mauzo ni 248, faida ghafi ni milioni 58, na mtu yeyote anaona biashara ilikwenda kawaida. Masweta ndiyo yaliyoshusha kidogo, kutoka 60. Hasara ya moto inakaa chini, kwenye mstari wake, na karatasi zake.

Mabaki yakiuzwa kwa ruhusa, yana VAT na yanadai risiti ya EFD:

Debiti Fedha 2.36
Krediti Hasara ya Moto 2
Krediti VAT 0.36

Usiyatupe kwenye akaunti ya mauzo. Lakini kwa kuwa EFD itayaonyesha kama mauzo, weka karatasi ya ulinganisho inayoeleza kwa nini EFD imezidi vitabu kwa milioni 2.

Kampuni ikikubali kulipa kwa maandishi:

Debiti Mdaiwa, Kampuni ya Bima 49.4
Krediti Hasara ya Moto 49.4

Hela ikiingia, debiti Benki, krediti Mdaiwa. Akaunti ya Hasara ya Moto inabaki na milioni 28.6, na hiyo ndiyo aliyoibeba tajiri mwenyewe. Ukipenda, ile 49.4 iweke kwenye akaunti ya Fidia ya Bima peke yake badala ya kuipunguza hasara, matokeo ya mwisho ni yale yale. Kwa kodi ya mapato, hasara na fidia zote zionekane. Anayedai hasara ya 80 na kuificha fidia anajitafutia tathmini mpya na riba.

Mzalendo_Chamwino
Kwa nini tusiingize mdaiwa siku tunapopeleka fomu ya madai? Bima ipo, moto ulikuwepo.

Dada_Mkaguzi
Kupeleka fomu hakukupi mali. Kampuni inaweza kukataa kwa sababu vizima moto vilivyotajwa kwenye mkataba havikuwepo, au ada haikulipwa kwa wakati, au inaweza kukubali nusu. Chini ya IAS 37, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, fidia inaingia pale tu kupatikana kwake kunapokuwa ni hakika kabisa. Kabla ya hapo unaeleza kwenye maelezo ya hesabu. Hasara yenyewe haingoji. Inaingia siku ya moto hata kama bima italipa mwakani.

Karani_wa_Majengo
Hapo ndipo nilipokwama. Mwaka wetu unaishia 31 Desemba. Tuseme barua ya kukubali inakuja Februari, hesabu bado hazijasainiwa. Fidia ni ya mwaka gani?

Mwalimu_wa_Leja
Mimi ningeiweka mwaka wa moto. Moto ulitokea Septemba, mkataba ulikuwepo Septemba, barua ya Februari inathibitisha tu haki iliyokuwepo tayari. Ukiiweka mwaka unaofuata, mwaka mmoja unabeba milioni 78 na mwingine unachekelea fidia isiyo yake.

Dada_Mkaguzi
Mwalimu, kwa hili sikubaliani nawe. Swali ni kama tarehe 31 Desemba kupatikana kwake kulikuwa hakika. Kama mkadiriaji alikuwa bado anabishia asilimia ya faida, haikuwa hakika, na barua ya Februari ni jambo jipya la mwaka mpya. Ningeeleza kwenye maelezo ya hesabu, nikitaja kiasi, bila kuweka mdaiwa.

Asesa_Mstaafu
Inategemea kilichokuwa mezani Desemba. Kama kampuni ilishakubali kwamba inawajibika na kilichobaki ni kiasi tu, Mwalimu ana hoja kwa kile kiasi cha chini wasichokibishia. Kama hata kuwajibika walikuwa hawajakubali, nasimama na Dada Mkaguzi. Karani, omba kampuni ikuandikie msimamo wake kabla ya Desemba kwisha, hata kama ni mistari miwili, maana mkaguzi wenu atauliza karatasi hiyo.

Karani_wa_Majengo
Nitaiomba. Jambo la mwisho: mzigo uliwekwa dhamana ya mkopo benki, na jina la benki limo kwenye mkataba wa bima. Mkopo umebaki milioni 35.

Dada_Mkaguzi
Basi huenda hundi isipitie kwenu kabisa kwa sehemu hiyo. Kampuni ikiilipa benki moja kwa moja, unaandika debiti Mkopo 35, debiti Benki 14.4, krediti Mdaiwa Kampuni ya Bima 49.4. Dai taarifa ya mkopo ya siku ya malipo, riba ya siku za katikati isije ikakuharibia salio. Na tajiri ajue mapema kwamba fedha ya kununulia mzigo mpya ni milioni 14.4, siyo 49.4.

Akiletewa hati ya kusaini kwamba amepokea malipo ya mwisho na hana dai lingine, asiisaini kama kiasi bado anakibishia. Malalamiko yanapelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. TIRA, mamlaka inayosimamia bima, nao makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma.

Bohari_Kizota
Nimetoka kusoma mkataba wangu sasa hivi. Umeandika "stoku ya mwenye bima" tu. Kesho asubuhi niko kwa wakala.